Nimehamisha kichwa cha baba mkubwa kwenye picha ya harusi, rangi imekubali ila paji la uso na pua vinakataa

#1 KameraYaMbezi

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Picha ya familia, watu 14, bustanini, jua limeshalala. Taa ni moja tu, oktaboksi ya sentimita 120, iko kushoto kwa kamera na juu ya vichwa. Wote wametoka vizuri isipokuwa baba mkubwa wa bwana harusi, ambaye amefumba macho katika kila shoti ya pozi lile. Familia imeomba nimchukulie kichwa kutoka picha ya ukumbini, macho wazi, anacheka, na mwenyewe ameonyeshwa akaridhia.

Tatizo ni kwamba ukumbini nilikuwa na flashi juu ya kamera, imemlenga usoni bila kitu chochote mbele yake. Mzee ana upara na alikuwa katoka kucheza. Mnaielewa hali ya paji.

Kichwa nimekipachika, shingo imeungana, mashavu nimeyaweka sawa kwa `Curves` ya Photoshop. Lile doa jeupe la katikati ya paji na la ncha ya pua nimelipunguza. Halafu nikatengeneza mng'ao mpya upande wa kushoto, kama walionao wenzake: leya mpya, `Overlay`, brashi nyeupe. Badala ya kung'aa kama mafuta ya mwili, ngozi inageuka shaba. Nikiongeza, anafanana na sanamu. Wanataka A2 ya ukutani, kwa hiyo siwezi kuficha kwa udogo.

Nakosea wapi, rangi au mahali nilipopaka?

#2 JichoLaTai

Kabla ya paji, tazama macho. Kuza asilimia 200 uangalie kile kimwanga kilichomo kwenye mboni. Wenzake wote watakuwa na duara kubwa upande wa saa 4, kwa kuwa ndiyo oktaboksi yenyewe inaonekana mle. Baba mkubwa atakuwa na nukta ndogo katikati kabisa. Hilo jicho ni kioo, linakwambia taa iko wapi, ina ukubwa gani na ziko ngapi. Paji na pua ni vioo vilevile, tofauti yake ni kwamba vina ukungu. Usipobadilisha jicho, hata upake paji la dhahabu mtu atahisi kuna kitu.

#3 KameraYaMbezi

Jicho ni kweli, nukta iko katikati. Ila saa 4 ni kulia, mkuu. Taa ilikuwa kushoto.

#4 JichoLaTai

Saa 4 ya kwetu, yaani mkono mdogo uko kwenye 10. Wewe unasoma saa ya wapi?

#5 Mchokozi_wa_Tandika

Mwaka huu tutapigana humu kwa sababu ya saa 😂

#6 MamaPoda

Jamani vijana, haya yote ya nini? Paji la uso linatibiwa kabla ya kupiga. Karatasi ya kunyonya mafuta, unaibandika unaitoa, usisugue. Halafu poda kidogo kwa brashi pana. Na muwe macho na zile poda nyeupe za silika ambazo haziachi rangi mkononi. Kwa macho ni nzuri mno, flashi ikipiga mtu anatoka na unga usoni. Nimeshaona mama wa bibi harusi katoka kama kapitia kinu cha sembe.

#7 KameraYaMbezi

Dada MamaPoda, asante, lakini harusi ilishapita na mzee ameshalala. Nahangaika na faili.

#8 ZakaFundi

Tatizo lako ni `Overlay`. Mng'ao wa mafuta hauna rangi ya ngozi, una rangi ya taa. Mwanga unagonga utando wa mafuta unarudi palepale, haujaingia ndani kuchukua wekundu wa ngozi. `Overlay` yenyewe inazidisha kile ilichokikuta chini, ndiyo maana unapata shaba.

Dawa: mtafute jirani yake katika picha hiyohiyo, mwenye rangi inayokaribiana naye, umpimie kwa `Eyedropper` pale paji linapong'aa na pembeni yake pasipong'aa. Toa kimoja katika kingine, kinachobaki ndiyo rangi ya mng'ao. Ipake kwa `Linear Dodge (Add)`, kwa sababu mwanga unajumlishwa. Kazi imeisha.

#9 KameraYaMbezi

Nimempima mjomba aliye kulia kwake. Panapong'aa ni 214, 196, 178. Pembeni ni 92, 58, 42. Nikitoa napata 122, 138, 136. Hiyo ni kijanikijani cha bahari, wakati oktaboksi yangu haikuwa na jeli yoyote. Nikiipaka paji linakuwa kama la mtu anayeumwa.

#10 Mchokozi_wa_Tandika

Baba mkubwa ametoka shaba ameingia malaria.

#11 Mwl_Nuru

ZakaFundi wazo lake la msingi liko sawa. Mng'ao una rangi ya taa na mwanga hujumlishwa. Kilichomponza ni hesabu. Namba za 0 hadi 255 hazihesabu mwanga kwa hatua zilizo sawa. Faili limeminywa ili jicho lipate hatua nyingi kwenye giza, kwa hiyo kutoka 42 kwenda 92 si kiasi kilekile cha mwanga kama kutoka 164 kwenda 214, japo vyote ni 50. Ukitoa namba hizo kama ulivyozikuta, unapata rangi ambayo haikuwepo.

Nimezirudisha namba za KameraYaMbezi kwenye mwanga halisi, nikatoa huko, kisha nikazirudisha kwenye namba za faili. Inatoka 198, 189, 174. Nyeupe yenye ujoto kidogo, inayofanana na taa ya studio kwenye faili lililowekwa ujoto kidogo. Hakuna kijani.

Sasa njia ya kupaka. Ukiiweka rangi hiyo juu ya ngozi ya 92, 58, 42, hizi ndizo tofauti:

`Overlay` inakupa 143, 86, 57. Hiyo ndiyo shaba yako. Hata nyeupe tupu kwa `Overlay` haivuki 184, 116, 84 juu ya ngozi hiyo, kwa hiyo uongeze usiongeze, hutaupata mng'ao wa mjomba.

`Linear Dodge (Add)` inakupa 255, 247, 216. Nyekundu imegonga dari, kinachobaki ni manjano iliyoungua.

`Screen` inakupa 219, 204, 187. Mjomba ana 214, 196, 178. Punguza `Opacity` kidogo tu umefika.

`Screen` haikuundwa kuwa kanuni ya mwanga, ila kwenye faili la kawaida inaukaribia ujumlishaji wa kweli kuliko hiyo yenye jina la kujumlisha.

#12 ZakaFundi

Mwalimu, hapo kuna ubishi. `Linear Dodge (Add)` ni sahihi ukienda `Color Settings` ukawasha `Blend RGB Colors Using Gamma` ukaweka 1.00. Hapo programu yenyewe inachanganya kwenye mwanga halisi. Mimi ndivyo ninavyofanya kazi.

#13 Mwl_Nuru

Ungesema hivyo tangu #8 tusingebishana. Tatizo la mpangilio huo ni kwamba unakaa kwenye mashine na hauendi na faili. Mpelekee mwenzako faili lenye leya, yeye hajawasha, ataliona tofauti na hatajua kwa nini. Kama unafanya peke yako na unabana leya zote kabla ya kutuma, sina neno.

#14 BintiWaLamu

Salaam. Mimi naona mmeingia kwenye rangi mkasahau mahali. Kaka amesema amepaka "upande wa kushoto kama wenzake". Kushoto wapi? Mng'ao haukai pale taa inapoelekea, unakaa katikati ya njia baina ya taa na kamera. Taa ikiwa nyuzi 45 kushoto, mng'ao hukaa kwenye ngozi iliyogeuka nyuzi 22 na nusu hivi. Kwa paji la mviringo hapo si karibu na sikio, ni juu ya nyusi ya upande huo, kiasi cha theluthi moja kutoka ukingoni.

Wengi hupaka mbali mno pembeni, kwa sababu mashavu huwa meupe zaidi huko karibu na taa. Lakini ule weupe wa shavu ni mwanga uliozama kwenye ngozi, huo haujali kamera iko wapi. Mng'ao unajali. Ndiyo maana ukimzunguka mtu aliyetulia mng'ao wa paji lake unateleza na kivuli cha pua kinabaki palepale.

#15 KameraYaMbezi

Hapo umenigusa. Nilipaka karibu na kipaji cha pembeni kabisa, juu ya sikio. Mjomba wake uko juu ya nyusi. Na pua je?

#16 BintiWaLamu

Pua ina sehemu mbili. Mgongo wake ni kama bomba, kwa hiyo mng'ao wake ni mstari mrefu unaoteremka upande wa taa, kisha ncha ni mpira, hapo unapata doa. Flashi ya kamera huweka mstari katikati ya mgongo na doa kwenye ncha kabisa. Kwa taa ya kushoto mstari unahamia kwenye bega la kushoto la pua, na doa linapanda kidogo na kwenda kushoto kwa kuwa taa iko juu.

Jambo la kuangalia: ulikizungusha kichwa kwa `Free Transform` ili kiendane na shingo? Ukikizungusha, na mng'ao umezunguka nacho, wakati taa haikuzunguka. Kwa nyuzi 2 au 3 hakuna atakayeona. Kwa 10 pua inakuwa na taa yake peke yake.

#17 KameraYaMbezi

Nilizungusha kama nyuzi 6. Naenda kurekebisha, narudi.

#18 Mzee_wa_Darkroom

Nyinyi vijana mnajisumbua. Mimi tangu enzi za filamu najua siri moja: picha ikikataa, ipige upya. Mzee yupo hai, mfuate nyumbani kwake na hiyo oktaboksi, mweke umbali uleule, taa upande uleule, piga shoti tano ukanywe chai. Mng'ao unajipanga wenyewe.

#19 KameraYaMbezi

Shikamoo mzee. Ameshapanda basi kurudi Songea.

#20 Mzee_wa_Darkroom

Marahaba. Basi chukua kijana yeyote mwenye upara hapo mtaani, mpige kwa taa ileile, si kwa kumwiba uso, ila ujue mng'ao unakaa wapi kwenye kichwa kisicho na nywele. Huna mjomba mwenye upara pichani, kwa hiyo juu ya nyusi unaigiza, huko juu utosini unabahatisha.

#21 Mchokozi_wa_Tandika

Natangaza nafasi ya kazi: anahitajika kijana mwenye upara, awe na mafuta yake mwenyewe.

#22 KisimaChaPicha

Ushauri wa mzee wa #20 ndio bora humu ndani na mnaupita kwa utani. Mimi huwa nafanya hivyo. Nina rafiki mwenye upara, nampaka mafuta ya nazi kidogo, nampiga kwa mpangilio wa kazi ninayoediti, kisha naiweka picha yake pembeni kama ramani. Sichukui hata pikseli moja kutoka kwake. Nimegundua upara una mng'ao wa pili juu kabisa, unaotokana na anga. Nje, hata jua likiwa limezama, anga ni taa kubwa mno, na kwa ngozi nyeusi inaacha ubluu juu ya kichwa. Ukiweka mng'ao mmoja tu wa oktaboksi, kichwa kinaonekana kilikuwa chumbani.

#23 Mwl_Nuru

Hilo la ubluu naliunga mkono, na ndipo ngozi nyeusi inapotofautiana na vitabu vingi vya wenzetu. Mafuta ya juu ya ngozi yanarudisha kiasi kilekile cha mwanga kwa mtu mweusi na mweupe, ukiangalia uso kwa uso ni asilimia 3 hivi, na zaidi pembeni kwenye mteremko. Kinachotofautiana ni ule mwanga unaozama na kurudi. Kwa mtu mweupe unarudi mwingi, unaufunika mng'ao. Kwa mtu mweusi unarudi kidogo, kwa hiyo mng'ao ndio unaochora umbo la uso. Ukiuondoa wote unabaki na uso bapa, na ukiupaka vibaya umebadilisha umbo la mtu.

Kwa hiyo yale mafunzo ya mtandaoni yanayosema "ondoa mng'ao wote kisha rudisha kidogo" yalitengenezwa kwa nyuso nyingine.

#24 MamaPoda

Narudi, msinifukuze. Mmesema apimwe mjomba. Mmejuaje mjomba hakupakwa poda? Siku hizi wanaume wa familia nao wanapitishiwa brashi kabla ya picha. Mtu wa poda mng'ao wake ni mpana na umefifia, kama ukungu. Mtu wa jasho ni kinyume: jasho likiwa matone unapata vinukta vingi vikali, likishasambaa na kuwa utando unapata doa moja lenye ukingo wa wazi. Baba mkubwa wenu alikuwa na jasho la kucheza ukumbini. Bustanini hakuwa na jasho. Kwa hiyo picha mbili hizi si taa mbili tu, ni ngozi mbili.

#25 JichoLaTai

Hapo Mama umefunga mjadala.

#26 Mwl_Nuru

Haujafungwa, ila umeingia mahali pake. Swali sasa ni lipi: tumfananishe na mjomba, au na yeye mwenyewe alivyokuwa bustanini? KameraYaMbezi anayo ile shoti ya bustanini aliyofumba macho. Macho yamefumba, paji halijafumba. Rejea ya kweli ni baba mkubwa yuleyule, pale pale.

#27 KameraYaMbezi

Wakuu, nimekaa kimya dakika nzima.

#28 Mchokozi_wa_Tandika

Posti 26 zimepita na jibu lilikuwa chini ya kope za mzee 😭

#29 ZakaFundi

Sasa kama paji la bustanini ni zima, kwa nini uhamishe kichwa kizima? Chukua macho tu kutoka ukumbini. Paji, pua, upara, vyote vibaki vya bustanini. Hakuna mng'ao wa kuigiza.

#30 KameraYaMbezi

Nilijaribu mwanzo kabisa. Ukumbini anacheka, bustanini amekaza midomo. Macho ya kucheka juu ya mdomo uliokaza yanatisha, watoto wa nyumba waliikataa. Mashavu yanapanda mtu akicheka, pua inapanuka. Ndiyo maana nikachukua kichwa.

Lakini paji la bustanini naweza kulipandisha juu ya kichwa cha ukumbini. Nimelijaribu sasa hivi: paji na upara vya bustanini, kuanzia nyusi kushuka ni ukumbini. Juu pamekaa vizuri sana. Tatizo limehamia puani, pua ya bustanini haiingii kwa sababu ya cheko. Kwa hiyo mng'ao wa pua lazima niutengeneze.

#31 Mwl_Nuru

Vizuri, sasa kazi imekuwa ndogo. Pua peke yake ningefanya hivi.

Kwanza doa la flashi. Fungua leya tupu, iweke `Darken`, chukua rangi ya ngozi ya puani iliyo jirani na doa, paka kwa `Opacity` ya asilimia 10 hadi 15, pole pole. `Darken` itagusa palipo peupe tu, vitundu vya ngozi ambavyo tayari ni vyeusi itaviacha. Ukifika kwenye kiini cha doa utakuta pameungua, 255 zote tatu, hamna ngozi mle. Fungua RAW kwanza uone kama kuna kitu kimebaki ukishusha `Highlights`. Kama hakuna, azima ngozi kutoka pua ileile, ubavu wa chini. Usiazime kutoka shavuni wala kwenye paji, vitundu vya pua ni vikubwa zaidi na kwenye A2 vitaonekana.

Pili, usipake mng'ao mpya kabla hujapanga kivuli. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Flashi ya kamera haiachi kivuli ubavuni mwa pua. Oktaboksi ya kushoto imewaachia wenzake kivuli laini upande wa kulia wa pua. Pua isiyo na kivuli upande mmoja, ukiiwekea mng'ao upande mwingine, jicho halina pa kuuamini. Shusha upande wa kulia kwa `Curves` yenye maski laini, mpaka tofauti ya pande mbili ifanane na ya mjomba.

Tatu ndiyo mng'ao: `Screen`, rangi ile ya 198, 189, 174, mstari kwenye bega la kushoto na doa kwenye ncha. Ukingo wake uwe laini kama wa paji la bustanini ulilolipandisha. Taa kubwa haitoi ukingo mkali.

#32 BintiWaLamu

Na ongeza la nne: mng'ao wa brashi ni laini kama plastiki. Mafuta hukaa juu ya vilima vidogo vya ngozi, vitundu vinabaki vyeusi katikati ya mng'ao. Bofya leya ya mng'ao mara mbili, nenda `Blend If`, kwenye `Underlying Layer` vuta pembetatu nyeusi kuelekea kulia, kisha shika `Alt` uigawe. Mng'ao utatoka kwenye vitundu wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo iliyotofautisha kazi inayokubalika na inayorudishwa.

#33 KisimaChaPicha

`Blend If` kwa pua iliyokwisha kuguswa na `Darken` haisaidii sana, kwa maana tofauti ya kitundu na kilima imeshapungua. Mimi nanakili chaneli ya kijani, naipitishia `High Pass` ya pikseli 2 au 3, naikaza kwa `Levels`, naifanya maski ya leya ya mng'ao. Kijani ina vitundu vya kutosha. Bluu ina vingi zaidi lakini kwenye taa za ukumbini imejaa chenga.

#34 BintiWaLamu

Maski ya namna hiyo mimi inanipa ngozi ya chungwa. Inakuwa kali mno.

#35 KisimaChaPicha

Ukiikaza kupita kiasi, ndiyo. Ishushe.

#36 JichoLaTai

Swali la pembeni. Baba mkubwa yuko mstari wa nyuma au wa mbele? Taa ikiwa mita 2 kutoka mstari wa mbele na mita 4 kutoka wa nyuma, nyuma wanapata robo ya mwanga. Na mng'ao wake ushushwe mpaka robo vilevile, si kunakili wa mtu wa mbele.

#37 Mwl_Nuru

Ngozi inashuka mpaka robo, ndiyo. Mng'ao haushuki hivyo. Ukitazama taa kwenye kioo kisha urudi nyuma, taa haififii, inakuwa ndogo. Kwa kioo safi, mng'ao wa mtu wa nyuma una ukali uleule na eneo dogo zaidi. Ukilinganisha na ngozi yake iliyoingia giza, unaonekana mkali zaidi.

#38 JichoLaTai

Uso si kioo safi, wewe mwenyewe umesema una ukungu.

#39 Mwl_Nuru

Nani alisema ukungu? Ni wewe, #2.

#40 JichoLaTai

Basi nimesema kweli 😄 Kwenye faili zangu watu wa nyuma mng'ao wao umeshuka. Nimepima.

#41 ZakaFundi

Nyote mnaweza kuwa sawa. Mwenye utando wa jasho atafanya kama kioo, mwenye poda atafanya kama ngozi. Kati yao sijui nani atashuka kiasi gani, na sidhani kama kuna namba moja.

#42 KameraYaMbezi

Yuko mstari wa nyuma, na mjomba pia, bega kwa bega. Kwa hiyo nimeponea hapo.

Mrejesho: pua imekaa. Nimefuata #31, kivuli kwanza ndicho kilichofanya kazi kubwa, nilipokiweka hata mng'ao hafifu ulitosha. Nilikagua kwa kuweka leya ya `Black & White` juu ya yote na kupunguza picha mpaka iwe kama stempu. Kwa rangi sioni mshono. Kwa nyeusi na nyeupe naona ncha ya pua imezidi ya mjomba kidogo. Sijui niache, au nishushe.

#43 MamaPoda

Acha. Pua zina mafuta kuliko paji, hasa za wazee wetu wa kiume. Ukifananisha sana wanakuwa pacha.

#44 BintiWaLamu

Shusha. Ulichokiona kwenye stempu ndicho atakachokiona mgeni akiingia sebuleni.

#45 Mzee_wa_Darkroom

Chapisha kipande cha A5 cha uso huo tu, kwenye karatasi utakayotumia, ukitazame sebuleni kwako usiku. Skrini ina taa nyuma yake, karatasi haina. Mng'ao unaoonekana umezidi kwenye skrini mara nyingi unazimika kwenye karatasi isiyong'aa. Kwenye karatasi ya glosi au chini ya kioo cha fremu ni hadithi nyingine.

#46 HarusiNaVideo_Arusha

Nimechelewa, nimesoma wote. Hii mbinu ya `Screen` inafanya kazi kwenye video pia?

#47 KisimaChaPicha

Rangi, ndiyo. Mahali, hapana. Kwenye video kichwa kinasogea, mng'ao lazima uteleze kwa kasi yake na si kwa kasi ya pua. Fungua uzi wako mkuu, huo ni mwezi mzima.

#48 MamaPoda

Na mimi nina langu basi, mkimaliza ya mzee. Bibi harusi aliyepakwa ile unga ya kung'arisha juu ya mashavu na kwenye mgongo wa pua, ya dhahabu. Mkimhamisha kichwa, mtapima rangi ya taa au rangi ya unga?

#49 ZakaFundi

Ya taa. Mng'ao ni wa taa siku zote.

#50 Mwl_Nuru

Hapana ZakaFundi, hapo kanuni inavunjika. Unga ule ni vipande vya maika vilivyofunikwa rangi, kila kipande ni kioo cha dhahabu. Mwanga unaorudi umeshabeba dhahabu. Tena vipande havilali upande mmoja, kwa hiyo mng'ao wake unatapakaa zaidi ya ule wa mafuta, na chini yake mafuta nayo yana mng'ao wao mweupe. Utakuwa na ming'ao miwili kwenye pua moja.

#51 MamaPoda

Sasa nipimie upi?